Funua Shati la Mtoto, Hesabu Dakika Moja



Kwetu ukishaandikwa tu kwenye universite, hata kama unasoma sheria, familia inaanza kukuita usiku. "Wewe mwenye umesoma, tufanye nini?" Mimi nilikuwa mwaka wa tatu wa tiba pale Bukavu, bado sijaenda kwenye staji hata moja, lakini nyumbani walikuwa wananiita dokta. Leo nataka kuwaelezea usiku mmoja wenye waliniita na nikajibu vibaya, na kile nilipaswa kufanya. Jambo lenyewe ni la dakika moja.

Ilikuwa Ijumaa saa mbili ya usiku. Yaya yangu alipiga simu kutoka Kadutu. "Dokta, mutoto iko na homa tangu jana, anakohoa, hanyonyi muzuri." Mtoto ni mpwa wangu, alikuwa na miezi 10, kilo 8. Nikafika kwa miguu. Nikamshika paji la uso, linawaka. Nikamtuma shemeji kwa farmasi alete kipimo cha haraka cha malaria. Tukamtoboa kidole, mistari miwili ikatokea. Malaria. Nikajisikia dokta kweli. Tukanunua dawa ya malaria, akapewa dozi ya kwanza, nikasema kesho atakuwa sawa, nikarudi kulala.

Mtoto alikuwa amefungwa vitenge viwili na kofia ya sufu, maana Bukavu usiku ni baridi. Mimi sikuvifungua. Kipimo kilishanipa jibu, nifungue nini tena?

Hilo ndilo kosa langu, na naona linarudiwa kila wiki sasa mwenye nafanya kazi kwa kituo cha afya. Kwetu malaria iko kila mahali, na mtoto anaweza kubeba vijidudu vyake kwa damu huku kinachomuua ni kitu kingine. Kipimo cha malaria kinajibu swali moja tu: kuna malaria au hakuna? Hakisemi chochote juu ya mapafu. Mtoto mwenye homa na kikohozi anaweza kuwa na malaria, anaweza kuwa na nimonia, anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo hata kama mistari miwili imetokea, kifua bado kinadai kutazamwa.

Sasa, kwa nini kupumua haraka? Hebu tuingie ndani kidogo.

Mapafu yamejengwa kwa vifuko vidogo sana vya hewa. Hapo ndipo oksijeni inaingia kwa damu. Katika nimonia, vijidudu, mara nyingi bakteria mwenye kuitwa pneumokoki au virusi vya mafua, vinaingia humo, na vifuko vinajaa maji na usaha. Kifuko chenye kimejaa maji hakipitishi hewa tena. Tena pafu lenye maji linakuwa zito na gumu, kama sponji yenye imelowa, halifunguki vizuri. Mtoto hawezi kuvuta pumzi ndefu. Basi mwili unachagua njia ingine: pumzi fupi fupi, lakini nyingi. Ile kuhema ni hesabu ya mwili mwenyewe, unajaribu kupata kwa wingi wa pumzi kile haupati kwa urefu wa pumzi.

Ugonjwa ukiendelea, pumzi nyingi hazitoshi tena. Mtoto anaanza kuvuta kwa nguvu. Sasa kumbukeni kwamba mbavu za mtoto mdogo ni laini, nyingi bado ni gegedu, hazijawa mfupa mgumu kama zetu. Akivuta hewa kwa nguvu na pafu gumu linakataa kufunguka, kitu chenye kitakubali ni ukuta wa kifua. Sehemu ya chini ya mbavu inaingia ndani. Kwa mtoto mzima, akivuta hewa, kifua na tumbo vyote vinatoka nje pamoja. Kwa huyu, tumbo linatoka nje lakini chini ya mbavu kunabonyea ndani, kama mtu anamvuta na kamba kutoka mgongoni. Hiyo ndiyo tunaita kifua kubonyea.

Hizo alama mbili hazikutoka hewani. Daktari Frank Shann alikuwa akifanya kazi Papua Nyu Gini, nchi ya milima na vijiji vya mbali, radio ya kifua hakuna, watoto wanakufa kwa mapafu. Yeye na wenzake walitafuta alama zenye muuguzi wa kijijini anaweza kuona kwa macho tu. Mwaka 1984 wakatoa matokeo: kuhesabu pumzi kunatenganisha vizuri mtoto mwenye nimonia na mwenye kikohozi cha kawaida, na kifua kubonyea kunaonyesha yule wa kulazwa. Shirika la Afya Duniani likajenga mwongozo wake juu ya kazi ya namna hiyo. Njo maana leo muuguzi wa kituo chochote cha afya hapa Kongo anafundishwa kuhesabu kwanza, kabla ya kuandika dawa. Haihitaji mashine. Inahitaji saa, na simu yako iko nayo.

Namna ya kuhesabu ni hii. Mtoto awe ametulia. Asiwe analia, asiwe ananyonya, maana vyote viwili vinabadilisha pumzi. Bora akiwa amelala au amekaa kwa mapaja ya mama. Fungua vitenge, pandisha shati hadi uone tumbo na kifua chote. Mama asimwamshe. Washa saa ya simu kwa sekonde 60 na uhesabu kila mara tumbo linapanda. Kupanda na kushuka ni pumzi moja, usihesabu mara mbili.

Hesabu dakika nzima. Najua wengi wetu tuna haraka, tunahesabu sekonde 15 halafu tunazidisha kwa 4. Kwa mtoto mdogo hiyo inadanganya. Pumzi yake haiendi sawasawa kama saa: anahema haraka kidogo, anapumzika, anaanza tena. Ukikamata ile sehemu ya haraka unapata namba kubwa bure, ukikamata sehemu ya kupumzika unamtuma nyumbani mgonjwa. Kama ana homa kali au alikuwa analia, mngoje atulie uhesabu mara ya pili.

Halafu namba. Ni tatu tu, ziandikeni kwa simu zenu:

Mtoto chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi.
Miezi 2 hadi kabla ya miezi 12: pumzi 50 au zaidi.
Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Oneni vile umri unabadilisha maana. Pumzi 45 kwa mtoto wa miezi 8 si alama ya nimonia. Pumzi hizo hizo 45 kwa dada yake wa miaka 2 ni alama. Kwa hiyo uliza umri kwanza, kisha uhesabu.

Kwa kutazama kifua, elekeza macho yako mahali pamoja: pale mbavu za mwisho zinakutana na tumbo. Ngoja avute hewa. Kama panaingia ndani wakati anavuta, kila mara, akiwa ametulia, hapo kifua kinabonyea. Kama inaonekana tu wakati analia, hiyo haihesabiwi. Kama amekunjwa kwa mapaja, mlaze chali vizuri kwanza, maana mkunjo wa tumbo unaweza kukudanganya. Kama pua imeziba na kamasi, isafishe kisha utazame tena. Na kwa mtoto wa chini ya miezi 2, kubonyea kidogo ni kawaida kwa sababu mbavu zake ni laini sana. Kwake tunatafuta kule kubonyea kwa ndani kabisa, kwenye unaona hata bila kukaribia.

Turudi Kadutu.

Jumamosi saa kumi na moja ya asubuhi yaya alipiga tena. Safari hii hakusema dokta. "Kuya mbio. Mutoto anahema mubaya, titi anakataa." Nilipofika nilifungua vile vitenge, na nilichokiona sijakisahau. Mashimo mawili yalikuwa yanafunguka na kufunga chini ya mbavu zake. Matundu ya pua yalikuwa yanapanuka kila pumzi. Nikahesabu kwa simu, mkono unatetemeka: 68. Macho yalikuwa nusu wazi, ukimwita hageuki. Yaya akamwekea titi kwa mdomo, akaliacha.

Sasa sikilizeni sehemu yenye inaua watoto kwetu. Ilikuwa inajulikana ni hospitali, lakini tulikaa karibu saa moja. Shemeji alikuwa ameenda kazi, na mama mkwe akasema hakuna kutoka na mtoto bila baba yake kujua. Jirani akasema ni kilimi, kuna mzee karibu anakikata vizuri, mtoto atapona leo leo. Mwingine akasema apewe kwanza sirop ya kikohozi, kama haipungui ndiyo twende. Na dakika chache baadaye yaya akasema, na uso wake ukafurahi kidogo: "Lakini sasa anahema polepole. Anaanza kupata nafuu."

Alikuwa hapati nafuu. Alikuwa anachoka. Kuhema mara 68 kwa dakika ni kazi, ni kama mtu mwenye anapanda mlima mbio usiku mzima. Misuli inafika mwisho. Mtoto mwenye alikuwa anahema sana, na sasa anapumua polepole huku amelegea, hanyonyi, midomo inaanza kuwa ya bluu au kijivu, huyo anaelekea kuacha kupumua. Nafuu ya kweli ina alama zake: mtoto anatafuta titi, anakutazama, analia kwa nguvu. Pumzi ikipungua na yeye akiamka pamoja nayo, hiyo ni nafuu. Pumzi ikipungua na yeye akizima, usingoje hata sekonde.

Kuhusu kilimi, niseme wazi. Kile kinyama cha kooni hakileti nimonia, na kukikata hakutoi maji kwa mapafu. Kinachoongezeka ni damu kutoka na kidonda kuingia vijidudu, kwa mtoto mwenye tayari hana hewa.

Tukampigia shemeji njiani, tukiwa tayari kwa pikipiki. Yaya alimshika mtoto wima kifuani pake, kichwa kimeinuka, amefunikwa lakini hakukazwa, uso uko wazi. Kwa hospitali walimwekea kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni. Kikaonyesha 82 kwa mia. Chini ya 90 mtoto anapewa oksijeni, hakuna mjadala. Wakamwekea mirija midogo puani, na sindano za antibiotiki mbili, ampisilini na jentamisini, pamoja na kuendelea na matibabu ya malaria, maana malaria nayo ilikuwa kweli. Ndani ya robo saa midomo ikarudi rangi. Siku mbili alilishwa kwa mrija wa puani, kwa maziwa yenye yaya alikuwa anakamua. Siku ya tatu akashika titi. Siku ya nane tukarudi naye nyumbani.

Daktari mwenye alimpokea aliniuliza swali moja: "Jana ulihesabu ngapi?" Nikanyamaza. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba Ijumaa usiku huenda ilikuwa pumzi 55 au 60 bila kifua kubonyea, nimonia yenye kutibika kwa vidonge nyumbani.

Na hiyo ni kweli, ndugu zangu. Mtoto wa zaidi ya miezi 2 mwenye anapumua haraka tu, ananyonya, anakunywa, macho yako wazi, anahitaji kuonekana kwa kituo cha afya siku ile ile. Dawa yake ni amoksisilini, vidonge vya miligramu 250 vyenye kuyeyuka kwa maji kidogo au maziwa ya mama. Muuguzi anapima kilo na kuandika dozi. Mtoto kama mpwa wangu, chini ya kilo 10, kwa kawaida anapata kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, kwa siku 5. Anarudishwa siku ya tatu aonekane, na mbele ya hapo kama hali inabadilika kuwa mbaya.

Lakini mkasa wa farmasi zetu mnaujua. Mama anaomba vidonge vinne kwa sababu pesa ni ya vinne. Siku ya pili homa inashuka, dawa inasimama. Bakteria wenye wamebaki wanaanza upya. Au mtu anafungua kapsuli ya mkubwa, anakisia nusu kwa macho. Sirop ya kuzima kikohozi nayo haitibu pafu, inanyamazisha tu kelele yenye ilikuwa inakuambia kuna shida. Kama pesa haitoshi dozi nzima, ni bora kusema hivyo wazi pale kituoni, mtafute pamoja namna, kuliko kununua nusu dawa na nusu matumaini.

Basi ni wakati gani usipitie farmasi, usingoje asubuhi, usingoje baba arudi? Nazigawa mara mbili.

Kwanza kifua: mbavu za chini zinaingia ndani mtoto akiwa ametulia, au anatoa sauti ya kukoroma na kuguna kila pumzi, au anatoa sauti kali kooni anapovuta hewa akiwa ametulia, au midomo na ulimi vinakuwa vya bluu.

Pili, mtoto mwenyewe: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na hamki vizuri. Moja tu kati ya hizi inatosha, hata kama hukumaliza kuhesabu pumzi. Kama kituo cha afya kiko karibu kuliko hospitali, pitieni hapo apewe dozi ya kwanza, kisha muendelee na karatasi ya kumhamisha.

Na mtoto wa chini ya miezi 2 ana sheria yake. Pumzi 60 au zaidi ukihesabu mara mbili, au hanyonyi, au ana joto, au ni wa baridi kupita kawaida: hospitali, mchana ama usiku. Kwake hakuna kujaribu vidonge kwanza. Mtoto huyo anaweza kuwa mahututi bila kukohoa hata mara moja.

Niongeze mipaka ya hesabu hii, ili musiiabudu. Pumzi nyingi hazisemi jina la ugonjwa. Malaria kali yenye imemaliza damu inaleta kuhema vilevile. Tazama viganja vya mtoto, kama vimekuwa vyeupe, hiyo ni sababu ingine ya kukimbia. Pumu na virusi vya njia ya hewa vinaweza kuleta sauti ya filimbi kifuani. Na mtoto mwenye utapiamlo anaweza kuwa na nimonia bila homa, na misuli yake haina nguvu ya kuhema sana wala kubonyesha kifua. Kwake kikohozi na kulegea vinatosha kumpeleka. Hesabu inakuambia uende, ugonjwa utaitwa jina na wenye kupima.

Ukifika, sema kile umeona kwa namba. Usiseme tu "mutoto anahema." Sema: "Ana miezi 10. Nimehesabu pumzi 68 kwa dakika moja akiwa ametulia. Mbavu zinaingia ndani. Tangu saa tisa ya usiku hanyonyi." Muuguzi mwenye ana watu arobaini kwa koridoo atainua kichwa. Nimeona kwa macho yangu vile sentensi hizo zinamtoa mtoto mwisho wa mstari.

Kuna chanjo pia, zile za wiki 6, 10 na 14, zenye zinamkinga mtoto na pneumokoki na bakteria mwingine wa nimonia, na ile ya surua kwa miezi 9. Mpwa wangu alikuwa amekosa ya tatu kwa sababu ya safari. Na mbabula ilikuwa inalala naye chumba kimoja kwa ajili ya baridi. Moshi unachubua njia za hewa na vijidudu vinapata mlango. Sasa yaya anaiacha nje hata mvua ikinyesha, anapikia chini ya bati.

Leo yule mtoto yuko darasa la pili, anapiga mpira kwa barabara ya mawe na kuvunja viatu. Yaya bado ananiita dokta, na sasa nimepata karatasi yake. Lakini kila mara mama analeta mtoto amefungwa vitenge na kusema tayari walipima malaria, mkono wangu unatangulia mdomo. Nafungua. Napandisha shati. Naweka simu kwa meza, sekonde 60.

Usiku wa leo, kama kuna mtoto mdogo amelala nyumbani kwenu na ni mzima, muhesabu. Wa miezi 10 akiwa mzima utakuta chini ya 50, mara nyingi 30 na kitu. Tazama vile tumbo na kifua vinapanda pamoja. Ukishajua kilicho sawa kwa macho yako, siku kisipokuwa sawa utakiona kabla hata ya kumaliza kuhesabu.